Picha ya Nne Hufunikwa: Kupanga Picha za Nyumba Inayouzwa

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu madalali, wenye nyumba mliotoka Uyole, Iyunga, Makambako na Iringa, nanyi vijana mnaopiga picha za matangazo kwa simu zenu, habari za asubuhi.

Leo tutazungumza jambo moja tu. Nyumba iko tayari kuuzwa, imefagiliwa, simu ina chaji. Tupige picha vyumba vipi, na vifuatane vipi tunapovituma?

Tuanze na mnunuzi mwenyewe, kwa sababu mpangilio wa picha unatokana na safari yake. Nyumba nyingi za hapa Mbeya zinaulizwa na watu walio mbali. Yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, au yuko Dodoma, au ni mfanyabiashara wa Tunduma ambaye hana nafasi ya kuja mara tatu. Picha haimfanyi alipe. Inamfanya aamue kama atapanda basi. Kwa hiyo kila chumba unachokiruka kinabaki swali, na mtu aliye mbali akibaki na maswali matatu hapigi simu. Anasogea kwenye tangazo linalofuata.

Sasa tazameni simu zenu, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoteza mnunuzi bila kujua. Ukituma picha zaidi ya nne kwa mkupuo mmoja, WhatsApp inazikusanya na kuonyesha nne tu kwenye mraba. Ile ya nne inatiwa kivuli, na juu yake inaandikwa alama ya + na idadi ya zilizobaki. Tena kila picha kwenye mraba ule inakatwa pembeni, inabaki sehemu ya katikati. Maana yake ni kwamba kabla mtu hajagusa chochote ameshaona picha tatu zilizo wazi na moja iliyofunikwa. Nyumba yako imejitambulisha kwa hizo tatu. Ukiwa umeanza na geti, ukafuatisha korido, kisha kitanda kilichopigwa kwa karibu, umetumia nafasi zote tatu na mtu bado hajui ni nyumba ya namna gani.

Picha tatu za kwanza ni hizi: nyumba kwa mbele, sebule, na jiko. Wapo wanaopenda kuweka chumba masta katika nafasi ya tatu, lakini chumba cha kulala kwa picha kinafanana na kingine chochote, kuta nne na dirisha. Jiko ndilo linaloonyesha nyumba imemaliziwa kwa kiwango gani: kama kuna sinki, kama makabati yamejengwa, kama marumaru zimepanda ukutani au zimeishia sakafuni, kama bomba liko ndani au uani. Mnunuzi anayejenga au aliyewahi kujenga anajua kwamba jiko na vyoo ndivyo vilivyokula fedha ya umaliziaji. Anavitafuta kwa macho. Ukivificha anajua umevificha.

Baada ya hizo tatu, kanuni inayotuongoza ni ya miguu. Picha zifuatane kama mtu anavyotembea ndani ya nyumba, na kila picha iache mlango ambao picha inayofuata itaingilia. Kama picha ya sebule inaonyesha mlango wa jiko kule nyuma, picha ya jiko ikifuata, mtazamaji anajua amepita wapi. Ukimtoa sebuleni ukamrusha uani, ukamrudisha chooni, kisha ukamtoa tena getini, anapotea. Utajua amepotea kwa swali lake. Umeandika vyumba vitatu, naye anauliza, "Kaka, hivi vyumba viko vingapi?" Huyo hakukosa kusoma. Picha zako zimemfanya ahesabu chumba kimoja mara mbili, au aone viwili pale ulipoandika vitatu.

Tuchukue nyumba moja ya mfano tuitembelee yote. Iko Isyesye, kiwanja mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600, kimezungushiwa ukuta. Mbele ya nyumba inatazama kaskazini, upande wa milima. Ukiingia kwenye baraza unafungua mlango wa sebule iliyo kona ya kaskazini magharibi, yenye dirisha kubwa la magharibi. Sebule inaendelea hadi sehemu ya kulia chakula, na kutoka hapo kuna mlango wa jiko, lililo kona ya kusini magharibi pamoja na stoo. Upande wa mashariki ni korido yenye vyumba vitatu: cha watoto kikubwa kule mbele, kidogo katikati, na masta mwishoni kikiwa na choo chake. Choo cha wote kiko koridoni. Nyuma kuna uani, simtanki la lita 2,000 juu ya mnara wa zege, na banda la vyumba viwili.

Tukiandika kila kitu kinachoweza kupigwa picha hapo tunapata zaidi ya ishirini. Tunahitaji kumi na mbili. Tunazipunguza kwa kuuliza swali moja kwa kila picha: inajibu nini ambacho nyingine haijajibu? Stoo haijibu kitu, inatosha kuandikwa. Chumba kidogo cha katikati kina marumaru zile zile, dari ile ile ya jipsamu na dirisha la aluminiamu lile lile kama cha watoto, hivyo tunaandika vipimo vyake na picha yake tunaiweka akiba. Neno akiba nalisema kwa makusudi. Piga picha vyumba vyote siku hiyo hiyo, hata ambavyo huvitangazi, kwa sababu mnunuzi makini atakuomba, na akikuomba saa 3 usiku huwezi kurudi Isyesye kupiga picha stoo.

Picha ya kwanza ni nyumba kwa mbele. Nyumba yenye ukuta haipigwi kutoka barabarani, maana utapata geti na kipande cha bati. Ingia ndani ufunge geti, nenda kwenye kona ya kiwanja, uitazame nyumba kwa mshazari ili uone mbele na ubavu wake mmoja kwa pamoja. Ukiipiga kwa kuielekea sawasawa inakuwa bapa kama mchoro wa mtoto, haionekani inaishia wapi kwa nyuma. Simu igeuzwe ilale kwa upana, ishikwe usawa wa kifua, kioo chake kisimame wima bila kuinamia mbele wala nyuma. Ukiielekeza juu ili upate paa lote, kuta zinaonekana kuegemeana kule juu. Dawa yake ni kurudi nyuma hatua mbili. Na kumbukeni ule mraba unaokata pembeni: mlango mkuu ukae karibu na katikati.

Picha ya pili, sebule. Simama kwenye kona iliyo karibu na mlango wa kuingilia, utazame kona ya mbali, ili sehemu ya kulia chakula na mlango wa jiko viingie kwenye picha hiyo hiyo. Umeshaonyesha maeneo mawili kwa picha moja na umeacha mlango wa picha ya tatu. Mlango wenyewe unafanya kazi nyingine pia. Chumba kitupu hakina kipimo, jicho halijui kama ni mita tatu au sita, lakini mlango kila mtu anaujua ukubwa wake, na ukionekana mzima chumba kinapimika.

Hapa niseme kuhusu ile lenzi pana, inayoandikwa 0.5x. Msiipende. Inavuta kingo za picha, chumba cha mita tatu kwa tatu kinakuwa ukumbi, na sofa iliyo pembeni inarefuka kama mtumbwi. Mnunuzi anayetoka Dar akifika na kukuta chumba ni nusu ya alichokiona, hata bei iwe nzuri ameshaanza kukutilia shaka kwa mambo mengine. Tumia 1x. Chooni tu, ambako huna pa kurudi nyuma, 0.5x inaruhusiwa, na hapo andika vipimo.

Picha ya tatu ni jiko, kutoka mlangoni, sinki na makabati vikionekana, mlango wa nyuma ukiwa wazi. Mlango ule unaleta mwanga, na unamwambia mtu kwamba kutoka jikoni unafika uani moja kwa moja.

Picha ya nne ndiyo ile itakayofunikwa. Usiweke hapo kitu cha thamani. Kwa nyumba hii tunaweka sebule mara ya pili, safari hii tukiwa tumesimama mlangoni mwa jiko na kutazama upande wa mlango wa kuingilia, ili mdomo wa korido uonekane. Kwa kawaida picha mbili za chumba kimoja ni upotevu. Hapa ina kazi: inamtoa mtu jikoni, inamrudisha sebuleni, inamwelekeza kwenye vyumba.

Picha ya tano, chumba masta. Ya sita, choo chake. Ya saba, chumba cha watoto. Ya nane, choo cha wote. Kuhusu vyoo nikae kidogo, kwa sababu watu wa mikoa ya joto wanavipiga kwa kuona haya na sisi tumeiga, ilhali kwetu swali ni tofauti. Mtu anayehamia Mbeya, Njombe au Mafinga ameshaambiwa habari ya baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Anachotaka kujua ni kama kuna hita ya maji ya kuoga. Kama ipo, iingie kwenye picha, pamoja na swichi yake iliyo nje ya mlango kama inaonekana. Kama haipo lakini bomba la maji ya moto limeshapitishwa ukutani, andika hivyo. Simama nje ya mlango, mfuniko wa choo uwe chini, ndoo, brashi na mataulo vitoke, na angalia kioo kisije kikakuonyesha wewe umeshika simu. Nyumba za zamani, zile zenye sehemu ya kuotea moto sebuleni, hiyo nayo isikosekane kwenye picha ya pili.

Tukitoka kwa mlango wa jiko tunapata picha ya tisa: uani kwa upana, banda na simtanki kwa pamoja. Ya kumi ni chumba kimoja cha banda kwa ndani, kwa sababu mnunuzi anafikiria mpangaji au msaidizi atakayelala pale. Ya kumi na moja ni barabara nje ya geti. Hii wengi hawaipigi, na ndiyo inayookoa safari. Kwenye viwanja vya milimani mtu anataka kujua kama gari dogo linapanda mwezi wa pili mvua ikiwa imenyesha, na mfereji wa maji unapita wapi. Piga barabara na mfereji wake jinsi vilivyo. Ya kumi na mbili ni milima kutoka barazani. Nyumba imemrudisha mtu alikoingilia.

Huo ni mpangilio wa kutuma. Mpangilio wa kupiga ni mwingine kabisa, na kuuchanganya na huu ndiko kunakotupa sebule yenye dirisha jeupe linalowaka na kuta nyeusi. Kutuma kunafuata miguu, kupiga kunafuata jua.

Kwa huku kwetu, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa pili hadi katikati ya mwezi wa kumi, jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Nyumba yetu ya mfano ina bahati, mbele yake inapata mwanga kiangazi chote. Ingekuwa inatazama kusini, mwezi wa saba mbele ingekaa kivulini karibu siku nzima, na tungeipiga siku ya mawingu mepesi, ambayo hayatupi kivuli kikali.

Tuseme ni mwezi wa saba. Asubuhi na mapema kuna baridi, na siku nyingine ukungu umekaa, usianze. Saa 4 ukungu umeondoka, jua liko kaskazini mashariki: piga mbele ya nyumba ukiwa kwenye kona hiyo hiyo, jua likiwa begani kwako. Ingia sebuleni mara moja, kwa sababu dirisha la magharibi sasa linaleta mwanga bila miale. Mchana likigeuka, jua litachora mistari sakafuni, na simu haiwezi kuonyesha mstari unaowaka na kona yenye giza kwa wakati mmoja. Jiko linafuata. Chumba masta na cha watoto vina madirisha ya mashariki, hivyo asubuhi vimejaa miale. Viache hadi saa 8 mchana. Milima ipigwe saa 10 au 11 jioni, jua likiwa pembeni. Na kama picha ya milima ni muhimu kwa nyumba hiyo, ipigwe mwezi wa nne au wa tano. Mwezi wa tisa na wa kumi moshi wa mashamba na nyasi zinazochomwa unaifuta milima yote, inabaki rangi ya majivu.

Ndani, usipige ukilielekea dirisha; liwe ubavuni. Gusa ukuta kwenye kioo cha simu, usiguse dirisha, ili simu ipime mwanga wa chumba. Taa zizimwe mwanga wa nje ukitosha. Taa moja ya njano na dirisha la mwanga mweupe vikikutana, ukuta uliopakwa krimu unaonekana una madoa.

Kuna swali limeletwa kwa karatasi, nalisoma. Mama mmoja anasema: "Mwanangu, jikoni kwangu kuna moshi darini kwa sababu wakati wa baridi tunakaa na jiko la mkaa ndani. Na ukuta wa chumba cha nyuma una unyevu chini. Je, nivipige hivyo hivyo, au niviruke?"

Mama, shikamoo, na asante. Hayo ni mambo mawili yasiyofanana. Moshi wa darini ni uchafu. Rangi inaumaliza, na kabla ya rangi dari lisuguliwe na kupakwa praima ya kuzuia madoa, la sivyo umanjano unarudi juu ya rangi mpya. Fanya hivyo, kisha piga picha. Unyevu ni kasoro ya jengo. Maji yanapanda kutoka kwenye msingi, au yanatoka kwenye mfereji uliozibwa, au kwenye bomba lililo ndani ya ukuta. Ukiufunika kwa rangi, mvua za mwezi wa kumi na mbili zinautoa tena, na safari hii mnunuzi yumo ndani. Picha ya chumba hicho usiirushe kwenye zile nane za mwanzo, lakini usiifiche. Iwe kwenye akiba, na kwenye maelezo uandike kuna unyevu chini ya ukuta wa chumba cha nyuma na umefanya nini. Mnunuzi akija anaukuta kama ulivyosema, anazungumza bei ya kuurekebisha. Akiukuta mwenyewe, anazungumza kuondoka.

Jambo jingine ni usalama wa wanaokaa mle. Kabla ya kutuma, kuza kila picha uitazame pembe zote. Namba ya mita ya LUKU isisomeke. Picha za familia, vyeti ukutani na namba za magari zitoke. Hati ya kiwanja haiwekwi kwenye kundi. Anayehitaji ataiona mkononi mwa mwenye nyumba. Kama ndani kuna mpangaji, aombwe ruhusa yeye mwenyewe, maana vitu ni vyake. Na wanaopenda kutuma picha kama dokumenti ili zisipungue ubora, kumbukeni dokumenti inabeba pia kumbukumbu ya mahali picha ilipopigwa ikiwa kamera yako imeruhusiwa kuiandika. Izimeni kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kuanza.

Wakati wa kutuma, ziguse picha kwa mfuatano unaoutaka, ya kwanza hadi ya kumi na mbili, na uangalie namba zinazotokea. Maelezo yaandikwe kwenye ujumbe wa pili. Ukiandika maneno chini ya kila picha, mara nyingi lile kundi linavunjika, na picha kumi na mbili zinamwagika moja moja kwenye simu ya mtu.

Kabla hujazituma kwa wanunuzi, fanya jaribio hili, halichukui dakika kumi. Mpe picha mtu ambaye hajawahi kufika kwenye nyumba ile. Asisome maelezo yoyote. Mpe kalamu na karatasi umwambie achore ramani: mlango uko wapi, sebule, jiko, vyumba, choo, banda. Usimsaidie. Akichora jiko likiwa upande wa vyumba, tatizo liko kwenye picha ya nne, haikuonyesha korido vizuri. Akichora choo kimoja badala ya viwili, picha ya sita na ya nane zinafanana mno. Badilisha pembe ya moja, mlango wa korido uonekane. Akiweka banda ndani ya nyumba, picha ya tisa imepigwa kwa karibu sana. Rudi nyuma hadi ukuta wa jiko uonekane ubavuni, upige tena.